Likizo si Sikukuu



Mwezi wa Oktoba 2024, dada yangu mkubwa, anayeishi Ubelgiji na asiyesoma Kifaransa, alinitumia picha ya ratiba ya basi iliyobandikwa kituoni. Aliomba niiandike kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya robo saa.

Ratiba ilikuwa na safu tatu: Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi, na ya tatu Dominika pamoja na siku ambazo taifa zima halifanyi kazi. Neno la mwisho nililitafsiri kuwa «likizo». Kando ya saa 7.27 palikuwa na nyota, na kando ya 12.20 herufi M. Maelezo ya alama hizo yalikuwa chini kabisa, nayo picha iliyakata. Sikuomba picha nyingine. Niliziacha alama na kuandika saa tupu.

Jumatano tarehe 30 dada alikuwa na miadi kwa daktari. Wajukuu walikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Akajiambia: leo ni likizo. Akasoma safu ya tatu, ambamo basi la kwanza ni la 9.05. Alifika amechelewa, daktari amekwisha kupokea wengine.

Kosa lilikuwa langu. Shule zikifungwa, siku za kazi hubaki siku za kazi, na safu ya kwanza ndiyo inayotawala. Picha ya pili, iliyopigwa karibu na bila mwanga wa simu kung'aa juu ya plastiki, ilionyesha kwamba nyota ilimaanisha: halitembei wakati wa likizo ya shule. Basi lile moja tu lilikuwa limeondolewa, la 7.42, lisilo na nyota, lilipita kama kawaida. M ilimaanisha Jumatano tu, kwa kuwa huko siku hiyo wanafunzi hutoka adhuhuri.

Nikaandika upya. Safu ya tatu ikawa «Dominika na sikukuu za taifa», na neno «likizo» likabaki kwa shule peke yake. Kila alama niliirudisha mahali pake kama ilivyo, hata M, ili dada ailinganishe na ile ya kituoni. Saa pia niliziacha kwa tarakimu zilezile, nikaongeza kando usomaji wetu: 7.42, yaani saa moja na dakika 42 asubuhi. Ningaliandika 1.42, asingaliiona popote ukutani.

Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Novemba, Sherehe ya Watakatifu Wote, ambayo Ubelgiji ni sikukuu ya taifa. Jina la siku lilimwelekeza safu ya kwanza. Tarehe ilimwelekeza ya tatu. Tarehe ndiyo hushinda. Dada alipanda basi la 9.05, akawahi Misa.