“Umefika ngapi?” Barua ya anayekunywa methadoni kwa ndugu zake

Katika nyumba moja ya Temeke, jijini Dar es Salaam, swali la kila Jumapili lilikuwa lilelile: “Umefika ngapi?” Aliyeulizwa ni baba wa watoto wawili, aliyetumia unga kwa miaka tisa, na sasa ana mwaka na nusu akinywa methadoni kila asubuhi kliniki. Ndugu zake walitaka kusikia namba inashuka. Alipowaambia imepanda kutoka miligramu 80 hadi 120, kaka yake mkubwa alisema mbele ya wote kwamba amehama kete akaingia kikombe. Akampa hadi mwisho wa mwaka awe ameacha, la sivyo atafute pengine pa kuishi.

Hakubishana. Siku chache baadaye aliandika barua ya kurasa nne na kumpa mama yake.

“Mama, shikamoo. Kaka, shikamoo,” inaanza. “Mnaniuliza namba kama vile ni deni ninalolipa. Naomba niwaeleze namba hiyo ni ya nini.”

Jambo la kwanza analikubali bila kuficha. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, na mwili wake unaitegemea. Akiikosa, arosto inarudi. Tofauti, anaeleza, ni mwendo wake. Heroini inapanda ghafla na kuisha baada ya saa chache, ndiyo maana alikuwa akitafuta kete nne au tano kwa siku na kuiba ili azipate. Methadoni inanywewa mara moja, inaingia polepole na kukaa mwilini mchana na usiku. “Hainipi stimu. Nikishakunywa nakwenda gereji kufanya kazi. Kaka, ulipoona nimelipa ada ya mtoto, hiyo ndiyo kazi ya kikombe.”

Anawakumbusha pia kwamba hakuanza na 80. Siku ya kwanza alipewa 30, na alilalamika kwamba haimtoshi. Muuguzi alimweleza kwamba sehemu ya dawa ya leo inabaki mwilini hadi kesho, kisha ya kesho inaongezeka juu yake. Anayepandishwa haraka anaweza kulala siku ya nne au ya tano asiamke, ingawa siku ya kwanza aliona dawa ni kidogo. Kwa hiyo alipandishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, hadi alipofika kiwango ambacho arosto haimwamshi usiku na hamu ya unga imetulia. Kwake kilikuwa 80. “Mwenzangu tunayekaa benchi moja anakunywa 60, mwingine 110. Hakuna aliye teja zaidi ya mwenzake. Ini la kila mtu lina kasi yake.”

Kisha anafika kwenye kupanda kule kulikoleta ugomvi.

Mwezi wa tatu aligundulika ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Hazikupita wiki mbili, akaanza kuamka alfajiri akiwa ametota jasho, anapiga miayo, pua inachuruzika na mifupa inamuuma. Mke wake aliziona dalili hizo akaanza kuhesabu fedha kwenye pochi. Kaka yake alisema wazi kwamba amerudi maskani. “Nilijua mnawaza nini, kwa sababu hata mimi nilianza kuiwaza kete.”

Kliniki walimpima mkojo, haukuwa na heroini. Wakamuuliza ameanza kunywa dawa gani mpya. Mojawapo ya dawa za kifua kikuu, rifampisini, hulifanya ini liisage methadoni haraka kuliko kawaida. Alikuwa akinywa 80 ileile, lakini iliyobaki mwilini ilipofika usiku ilikuwa ndogo. Daktari hakumwachisha dawa za kifua, kwa kuwa kuziacha kungemdhuru yeye na watoto. Alimwongezea methadoni kidogo kidogo, huku akimwangalia, hadi 120. Arosto ikaisha.

“Kwa hiyo 120 ya leo inafanya kazi ya 80 ya jana. Sikurudi nyuma. Na nikimaliza dawa za kifua, ini litapunguza kasi yake katika wiki zinazofuata, na mimi nitashushwa, la sivyo nitakuwa nasinzia. Siku hiyo namba itashuka na mtafurahi, lakini nitakuwa mtu yuleyule.”

Badala ya namba, anawapa mambo ya kutazama. Akiamka mgonjwa kabla ya kwenda kliniki, kiwango ni kidogo. Akisinzia akiwa anakula au ulimi ukiwa mzito saa mbili hadi nne baada ya kunywa, kiwango ni kikubwa au amechanganya na kitu. Kufunga choo na kutoka jasho ni maudhi ya dawa yenyewe, na hayana maana kwamba amevuta.

Barua inaeleza pia methadoni isichoweza. Haizuii pombe, bangi wala vidonge vya usingizi. Pombe au valiamu juu ya methadoni huzima pumzi. “Mkinisikia nakoroma kwa namna msiyoizoea, mkinitikisa siamki na midomo imebadilika rangi, msiseme mwacheni alale. Nilazeni ubavu, nikimbizeni hospitali, mwambieni daktari nakunywa methadoni.” Na asiombwe kuleta dawa nyumbani. Kipimo anachokunywa yeye na kwenda kazini kinaweza kumuua mtoto au mtu mzima asiyeizoea, ndiyo maana hunywa mbele ya muuguzi na kusema neno moja baada ya kumeza.

Kuhusu msiba wa kijijini aliotakiwa kukaa wiki nzima, anaandika kwamba alikwenda siku moja na kurudi kwa sababu hii: akikosa siku tatu mfululizo, mwili unaanza kusahau dawa, na hapewi tena kiwango chake kizima. Anashushwa kwa usalama wake, kisha anapandishwa upya. Kwa siku zote hizo za katikati, arosto ipo na kijiwe kipo. Safari ndefu anapaswa kuieleza kliniki mapema, kabla ya kupanda basi.

Ukurasa wa mwisho ni wa kaka yake. Hasemi kwamba atakunywa maisha yote, wala haahidi mwisho wa mwaka. Kuacha kupo, anaeleza, lakini hufanywa kwa kupunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi, kukiwa na kazi, makazi na afya iliyotulia, na kusimamishwa pale arosto inaporudi. Anayekatishwa ghafla mara nyingi hurudi kwenye unga, na hapo ndipo anapokufa, kwa kuwa anavuta kiasi alichokizoea zamani wakati mwili wake haukizoei tena.

“Kaka, sikatai kuacha. Naomba tarehe isitoke kwako wala kwangu. Jumatatu daktari amekubali kukutana na ndugu mmoja. Ningependa awe wewe. Njoo saa moja asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Na Jumapili usiniulize nimefika ngapi. Niulize kama nimelala usiku.”