Jua kali lilivyoiharibu kahawa yetu Karatu

Leo nakiri kosa. Maneno manne niliyoandika mwenyewe yalikula siku nzima ya mpiga picha, pamoja na fedha za kikundi cha wakulima wa kahawa.

Kikundi kile cha Karatu kilikuwa na pakiti mpya: nyeusi, inang'aa, lebo mbele. Wakaniomba, kwa kuwa "mwandishi wa habari anajua kuandika," niandike maelekezo ya picha ya tangazo. Nikaandika: "Nje, mchana, jua kali." Kichwani niliona Afrika, mwanga, furaha. Basi mwanzoni mwa Oktoba tukapanda shambani, kwenye miteremko inayoelekea msitu wa Ngorongoro, upande wa nje wa geti la Loduare, tukasubiri saa sita na nusu.

Picha zilipotoka, jamani! Ukingo wa juu wa pakiti uliungua ukawa mweupe pe. Lebo ilikuwa gizani. Mama aliyeshika kikombe alikuwa na mashimo meusi badala ya macho. Nikamlalamikia mpiga picha. Akanijibu taratibu, "Dada, si wewe uliyeandika jua kali?"

Akanieleza. Karatu iko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa utosini. Pakiti iliyosimama inapokea mwanga wote juu, ilhali uso wake wa mbele, wenye jina la bidhaa, unaguswa kwa pembeni tu. Ukiirekebisha kamera ili lebo isomeke, sehemu ya juu inaungua. Ukiiokoa sehemu ya juu, lebo inazama. Na plastiki inayong'aa inalirudisha jua kama vidoa vya kioo.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa ujumbe. Ukiangalia kivuli kifupi, cheusi, chenye ukingo kama kilichokatwa kwa wembe, mwili wako unahisi joto na kiu. Unatafuta mti na maji baridi. Nani atatamani kahawa ya moto hapo?

Nikaandika upya, safari hii nikitaja mwanga, kivuli na anga:

"Asubuhi ya baridi, mawingu mazito, bila mvua wala ukungu. Mwanga laini unaotoka pande zote. Kivuli chini ya pakiti kiwe hafifu, kisicho na ukingo. Anga isionekane. Mvuke wa kikombe uonekane mbele ya majani ya kijani kibichi yaliyokolea."

Kila neno lina kazi. "Mawingu" peke yake hayatoshi, maana wingu jepesi bado linaacha kivuli, na ukungu wa asubuhi za kule juu unafifisha rangi zote zikawa kama zimeoshwa. Anga ya mawingu ni nyeupe, ikiingia kwenye picha inavuta jicho kabla ya bidhaa. Na mvuke unahitaji hewa ya baridi na kitu cheusi nyuma yake, la sivyo hauonekani.

Mawingu nayo yana ubaya wake. Rangi huelekea ubuluu, hivyo aliiweka kamera kwenye mpangilio wa mawingu ili hudhurungi ya kahawa isipoe. Vitu pia huonekana bapa. Dawa yake ilikuwa kitambaa cheusi, akakisimamisha upande mmoja wa pakiti, nje ya picha, kuzuia mwanga wa upande huo. Pakiti ikapata umbo.

Tukarudi Novemba, mvua za vuli zilipoleta mawingu. Lebo ilisomeka yote, macho ya mama yakaonekana, na picha ikasema tulichotaka: utulivu, joto la kikombe, nyumbani.

Je, jua la utosini halina kazi? Linayo. Chukua akala za matairi. Hapo ningeandika: "Adhuhuri, jua la utosini, barabara ya vumbi jekundu, kivuli cha kila ukanda kikatike vizuri." Akala hulala chini na uso wake hutazama juu, kwa hiyo jua linaupiga palepale. Na ujumbe wake ni uimara: hata jua hili halitazishinda. Maji ya chupa nayo hutaka kiu hiyohiyo, mradi lebo imulikwe na ubao mweupe kutoka mbele.

Siku hizi kabla ya kuandika najiuliza kwanza: mtazamaji ahisi nini, kiu au utulivu? Kisha nakieleza kivuli. Mpiga picha akisoma "kivuli kisicho na ukingo" hawezi kuniletea jua kali, na akileta, kosa si langu tena.

Siku ile ya pili niliilipia mimi. Kikundi kilikuwa kimeshalipa ya kwanza kwa maneno yangu manne.