Kina kikubwa si maji mengi: nilichojifunza kwenye mfereji wa udongo



Leo naandika kuhusu kosa langu mwenyewe, maana liligharimu watu na linaweza kutokea kwenye skimu yoyote yenye mfereji wa udongo, iwe Mbarali huku kwetu au Pawaga kule Iringa.

Katika skimu moja ya mpunga hapa bonde la Usangu, mfereji mkuu una kibao cha kupimia kina, kama mita 200 chini ya banio. Kwenye kibao kuna mstari mwekundu, sentimita 48 kutoka sakafu ya mfereji. Mstari ule ulichorwa mfereji ulipokuwa mpya, na maana yake ilikuwa kwamba maji yakifika hapo, skimu inapata lita 400 kwa sekunde, yaani kiasi kilichoandikwa kwenye kibali cha maji. Vibali hivi hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa.

Desemba moja akina mama wa mwisho wa mfereji walikuja ofisini. Vitalu vyao vilikuwa tayari, miche imeanza kupitiliza, na majaruba yao makavu. Nilikwenda kwenye kibao nikakuta maji yako sentimita 60. Nikawaambia, "Mama zangu, maji yamezidi hata mstari. Kama hayawafikii, kuna mtu katikati anayachukua."

Maneno hayo yaliwasha moto. Kamati ikaweka ulinzi wa usiku. Kijana mmoja aliyekutwa na jembe kando ya mfereji alitozwa faini ya shilingi 50,000, akiapa kwamba alikuwa anaziba panya-buku. Maji hayakuongezeka.

Mama mmoja ndiye aliyenirudisha kwenye mfereji. Alisema, "Bwana shamba, maji yako ni mengi lakini yamelala. Angalia jani linavyokwenda." Nikaangalia. Jani lilikuwa linatambaa. Pembeni, kote kuwili, nyasi na matete vilikuwa vimeinamia ndani ya maji.

Ndipo nilipokumbuka somo la chuoni nililodhani ni la wahandisi tu.

Kanuni yenyewe

Maji yakitiririka kwenye mfereji ulionyooka, wenye upana uleule na mteremko uleule, baada ya umbali fulani yanatulia kwenye kina kimoja kisichobadilika. Mteremko unayavuta, sakafu na kingo zinayakwaruza, na nguvu hizo mbili zinalingana. Kina hicho huitwa kina cha kawaida. Mkwaruzo ukiongezeka, maji yanapunguza mwendo, na ili kiasi kilekile kiendelee kupita, lazima kina kipande.

Kanuni inayotumika kukitafuta ina jina la Robert Manning wa Ireland, aliyeiwasilisha mwaka 1889. Ilitokana na vipimo vya mito na mifereji halisi, ndiyo maana ndani yake kuna namba moja ambayo lazima uichague kwa kuangalia hali ya mfereji wako.

```
V = (1/n) × R^(2/3) × S^(1/2)
Q = A × V
```

V ni mwendo wa maji kwa mita kwa sekunde, na Q ni kiasi kinachopita. A ni eneo la maji ukiukata mfereji kama mkate. R ni eneo hilo ukiligawa kwa urefu wa udongo uliolowa, yaani sakafu na kingo mbili. S ni mteremko. Ile n ndiyo namba ya mkwaruzo. Mfereji wa udongo uliosafishwa huwa karibu 0.025. Wenye sakafu safi lakini vichaka pembeni hufika 0.05, na ukijaa magugu marefu kama kina cha maji, huzidi hapo.

Vipimo vya mfereji wetu

Sakafu ina upana wa mita 1. Kingo zimelala, kila zikipanda mita moja zinatoka nje mita moja. Kutoka sakafuni hadi juu ya tuta ni sentimita 65.

Mteremko tuliupima kwa mpira mweupe wa maji na fito mbili zilizochorwa sentimita, tukienda mita 20 kwa mita 20 juu ya sakafu. Katika mita 100 sakafu ilishuka sentimita 10, kwa hiyo S ni 0.001. Hapa usikadirie kwa macho. Bonde la Usangu ni tambarare mno, na jicho litakudanganya.

Tuanze na mfereji safi. Hakuna njia ya mkato ya kupata kina. Unakisia, unakokotoa, unalinganisha. Nikakisia sentimita 40, jibu likaja lita 291 kwa sekunde. Nikakisia 50, ikaja lita 435. Lita 400 ziko katikati, karibu zaidi na 50. Nikajaribu 48 hivi:

Upana wa juu ni 1 + 0.48 + 0.48, yaani mita 1.96. Wastani wa upana wa juu na wa chini ni 1.48. Zidisha kwa kina 0.48, eneo ni 0.71. Kila ukingo uliolowa ni kina mara 1.414, yaani 0.68, hivyo udongo wote uliolowa ni 1 + 0.68 + 0.68 = 2.36. Gawanya 0.71 kwa 2.36, unapata R ya 0.301. Kwenye kikokotozi cha simu, geuza simu ilale ili alama zote zitokee, kisha andika:

```
(1/0.025) × 0.301^(2/3) × √0.001
```

Jibu ni mita 0.57 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo 0.71, unapata karibu 0.40, yaani lita 400. Kumbe aliyechora mstari mwekundu hakukosea. Mstari ule ulikuwa kweli kwa mfereji safi.

Sasa weka nyasi

Nikarudia hesabu kwa kina nilichokiona, sentimita 60, lakini nikaweka n ya 0.05. Mwendo ukashuka hadi mita 0.32 kwa sekunde. Eneo ni 0.96, kwa hiyo kiasi ni lita 305 tu.

Soma tena hapo. Maji ya sentimita 60 kwenye mfereji wenye nyasi yalikuwa pungufu kwa karibu robo kuliko maji ya sentimita 48 kwenye mfereji safi. Hakukuwa na mwizi. Mwizi alikuwa nyasi, na mimi nilisimama mbele ya kibao nikasoma kina kana kwamba ni kiasi.

Sikutaka kuamini hesabu peke yake. Tulichukua chupa ya plastiki, tukaijaza maji nusu, tukaiachia katikati ya mfereji kwenye mita 20 zilizopimwa kwa kamba. Ilichukua sekunde 53. Hiyo ni mita 0.38 kwa sekunde kwa maji ya juu. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.85, tunapata 0.32. Mfereji na hesabu vilisema neno moja.

Je, tungefungua banio zaidi ili lita 400 zipite kwenye nyasi zile? Nilikokotoa hilo pia. Kina kingetakiwa kuwa sentimita 69, na tuta letu ni 65. Maji yangemwagika na kubomoa tuta kabla hayajamfikia mtu wa mwisho.

Siku tatu za kufyeka

Wakulima walifyeka na kung'oa kwa siku tatu, bila kugusa banio. Siku ya nne mgawa maji alikuja mbio: kibao kimeshuka kutoka 60 hadi 41! Wengine wakaanza kusema bwana shamba amewapotezea maji. Lakini nenda kwenye hesabu ya mfereji safi: sentimita 41 ni lita 304. Yalikuwa maji yaleyale, sasa yanakimbia badala ya kulala. Tukafungua banio taratibu hadi kibao kikasoma 48, tukasimama hapo. Ndicho kiasi cha kibali, na hatukuchukua hata lita moja ya wenzetu wanaoutegemea Mto Ruaha Mkuu huko chini.

Majaruba ya mwisho yalilowa siku ya pili yake. Miche ya akina mama wawili ilikuwa imeshakomaa mno, wakalazimika kutafuta mingine. Kamati ilimrudishia yule kijana fedha yake. Nami nilimwomba radhi mbele ya mkutano, kwa sababu ushahidi uliomtia hatiani ulitoka kinywani mwangu.

Mahali kanuni hii inapokudanganya

Kanuni inafaa pale tu maji yametulia kwenye kina kimoja. Karibu na banio, juu kidogo ya kalavati, au mahali mtu ameweka ubao au viroba kupandisha maji, kina kinatawaliwa na kizuizi hicho, si na mkwaruzo. Namna ya kujua ni rahisi: pima kina mahali pawili, mita 50 au zaidi kati yake. Vikilingana, endelea na hesabu. Cha chini kikiwa kikubwa, kuna kitu mbele kinarudisha maji, kitafute kwanza.

Pia angalia tope. Likijaa sakafuni, kibao kinahesabu tope kama maji. Shusha fito hadi udongo mgumu na uone.

Mwisho, usibebe vipimo vya skimu moja kwenda nyingine. Mfereji huuhuu ukichimbwa mahali penye mteremko wa sentimita 40 kwa mita 100, lita 400 zitapita kwa kina cha sentimita 32 tu, lakini kwa mwendo wa mita 0.93 kwa sekunde. Udongo wa tifutifu hauhimili mwendo huo. Utakula sakafu na kingo, na tope hilo litakwenda kulala kwenye majaruba.

Kwenye skimu ile tumebaki na utaratibu mmoja. Kila Jumatatu mgawa maji anaandika mambo mawili kwenye daftari: kina kwenye kibao, na sekunde za chupa kwenye mita 20. Kwa lita 400 kwenye mfereji safi, ni sentimita 48 na sekunde 30. Kina kikipanda na sekunde zikapanda pamoja, hatutafuti mwizi. Tunachukua mafyekeo.