Barua Kabla ya Kugusa Seva

Nilipoanza kazi ya kupima usalama wa mifumo kwa kujitegemea, barua yangu kwa mteja ilikuwa na aya moja: kampuni inaniruhusu kukagua "mifumo yake yote" kwa wiki mbili. Mkurugenzi anatia saini, muhuri unagongwa, kazi inaanza. Wengi tuliandika hivyo, na wateja waliupenda ufupi wake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilibadilisha mambo hapa Tanzania. Chini yake, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai, na ikabidi tujiulize: ruhusa ya nani, na juu ya kitu gani? Saccos moja iliyonipa kazi baadaye ilikuwa na tovuti ya wanachama kwenye seva ya kupanga, iliyobeba pia tovuti za watu wengine. Malipo yalipitia kampuni ya simu. Meneja alikuwa tayari kuniruhusu kila kitu, ila seva haikuwa yake, wala mfumo wa kampuni ya simu. Tukaomba kibali cha mwenye seva kwa maandishi, na mfumo wa kampuni ya simu tukauweka nje kabisa. Sehemu ya malengo ikawa na sura hii (majina na anwani hapa ni za mfano):

```
Lengo:   wanachama.example.co.tz (203.0.113.20)
Seva:    ya kupanga; kibali cha mwenye seva kimeambatishwa
Natokea: 198.51.100.7 pekee
Muda:    Jumamosi 20:00 - Jumapili 04:00 EAT
         (17:00 - 01:00 UTC)
```

Mstari wa "Natokea" niliuongeza kwa ajili ya fundi wa mteja. Akiona maombi ya ajabu kwenye logi usiku ule, anatazama yametoka anwani gani. Kama si hiyo, huyo si mimi. Ni mvamizi wa kweli, na asisubiri asubuhi.

Saa nazo zilihitaji uangalifu. Tukizungumza tunasema saa mbili usiku wa kuamkia Jumapili na kila mtu anaelewa, lakini seva nyingi huandika logi kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Mtu anayelinganisha barua na logi bila kujua hilo ataona nimeanza kazi saa kumi na moja jioni, wakati ofisi bado ina watu.

Sehemu ya yasiyoguswa ndiyo iliyorefuka kuliko zote. Kuzidisha maombi ili kuangusha seva, hapana. Kubahatisha nywila nako kuna mpaka: tovuti ile ilifunga akaunti baada ya makosa matano, kwa hiyo barua iliniruhusu kujaribu akaunti nilizofunguliwa kwa kazi hiyo tu, tena mara tatu. Bila mpaka huo, programu ya majaribio ingeweza kuwafungia wanachama akaunti zao usiku mmoja. Ukurasa unaotuma namba ya siri kwa SMS hauendeshwi kwa programu, maana kila ujumbe unalipiwa na unamwamsha mtu. Na nikibadilisha namba ya akaunti kwenye anwani ya ukurasa, nikaona salio la mwanachama mwingine, nasimama hapo hapo. Rekodi moja inatosha kuthibitisha tundu. Nafuta jina kwenye picha na kupiga simu.

Simu hiyo apigiwe nani? Mwezi Septemba 2019, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama huko Dallas County, Iowa, Marekani. Walikuwa na barua ya idara ya mahakama ya jimbo, lakini jengo lilikuwa la kaunti, na mkuu wa polisi wa kaunti hakutambua ruhusa hiyo. Walilala mahabusu, na mashtaka yalifutwa Januari 2020. Niliposoma habari zao niliiandika upya sehemu ya mawasiliano.

Zamani niliweka baruapepe ya meneja na simu ya mezani. Sasa naandika namba za mkononi za watu wawili upande wa mteja, yangu na ya mwenzangu, na ya zamu ya usiku ya mwenye seva. Baruapepe siitegemei, kwa sababu huenda iko kwenye seva ile ile iliyozimika. Yeyote kati yetu anaweza kusimamisha kazi kwa neno moja. Kuiendeleza ni kwa idhini ya meneja peke yake.

Ndugu mteja, kabla hujatia saini barua ya namna hii, zipigie namba hizo zote saa nane usiku. Isiyopokelewa ibadilishwe, ndipo kazi ianze.