Chupa 60 za Mama Nganda

Leo sina habari ya mkutano wala ya wakubwa. Nina habari ya hotuba ya dakika tatu hivi, iliyotolewa hapa Kalemie jioni moja, mbele ya watu wasiofika 30, na mama mmoja aliyefungua nganda yake.

Jina lake silitaji, yeye mwenyewe ameniomba. Mtaani tunamwita Mama Nganda. Alikuwa na baa ndogo kule Kadutu, Bukavu. Mwezi wa pili mwaka 2025, mji ulipochukuliwa, alishuka Uvira na watoto watatu, kisha akapanda mtumbwi wa mota mpaka huku kwetu Kalemie. Alikaa mwaka mzima akiuza ndagala na mikate ya kukaanga, akiweka franka moja moja. Mwishowe akapata nyumba ya mbao ya kukodi, mabenchi manne na taa moja ya jua.

Kabla ya hotuba, ni lazima nieleze jambo la chupa, maana bila hilo hotuba yenyewe haieleweki.

Wengi wetu tunadhani kufungua nganda ni kununua bia na kuiuza. Sivyo. Depo inakuuzia kilicho ndani ya chupa, chupa yenyewe si yako. Kazie moja ya bia kubwa ina chupa 12. Ukitaka kazie moja iliyojaa, unapeleka kazie na chupa tupu 12. Kama hauna, unalipia chupa na kazie yake juu ya bei ya bia. Mtu aliyekuwa na baa tangu zamani hana shida, anazungusha zile zile. Lakini mtu aliyekimbia aliacha chupa zake nyuma. Mama Nganda alikuwa na pesa ya bia ya kazie tano. Pesa ya chupa 60 hakuwa nayo. Kazie tupu jirani mmoja alimwazima, chupa zikabaki.

Basi hakuomba pesa kwa mtu. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba chupa tupu, na kila mtu akamwandikia kwenye daftari: fulani, chupa ngapi. Muzee jirani yake alitoa 20 kutoka chini ya kitanda. Vijana wa pikipiki walileta tisa. Wavuvi 11. Familia za wahami wenzake zilikusanya 14. Mama mmoja wa kwaya alileta nne alizokuwa akiwekea mawese. Mimi nilileta mbili za mwisho. Hesabu ilitimia: 60.

Depo ilikataa mbili. Kule wanapitisha kidole kwenye mdomo wa chupa, na kama kuna pengo hawapokei, kwa sababu kifuniko hakitashika. Kisha wananusa. Zile za mawese zilikuwa zimeoshwa kwa maji moto na mchanga mara tatu, lakini mbili bado zilinuka. Ikabidi alipie hizo mbili kwa pesa ya mikate.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa watu sita. Saa kumi na mbili, watu kama 25. Umeme wa Bendera ulikuwa umekatika, kwa hiyo bia zilikaa kwenye beseni la maji, zimefunikwa gunia lililoloweshwa, pamoja na vipande vya barafu kutoka kwa wauza samaki. Mama akapanda juu ya kazie tupu, akapiga chupa kwa kijiko, akasema hivi. Niliwasha kinasa sauti changu, kwa hiyo ni maneno yake:

“Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu, karibuni. Sitasema mengi, maana ninaona muzee anaangalia beseni, haniangalii mimi.

“Kule Bukavu nilikuwa ninauza Primus. Nikakimbia risasi, nikavuka ziwa, nikafika hapa, nikakuta mnakunywa Simba na Tembo. Nikasema: Mungu wangu, nimekimbia vita nikaangukia porini! Lakini wanyama wa hapa hawajaniuma. Aksanti.

“Muzee, aksanti kwa chupa 20. Mke wako naye anasema aksanti, maana sasa anaweza kufagia chini ya kitanda. Vijana wa pikipiki, aksanti kwa tisa. Mliniambia ni kumi, moja ilianguka njiani. Ninaamini. Wavuvi, aksanti kwa chupa na kwa barafu. Kama kuna mtu anasikia bia yake inanuka ndagala, hiyo ni kitoweo, sitaongeza bei. Mama wa kwaya, aksanti kwa chupa nne. Mbili zimekunywa mawese mengi kuliko sisi wote, depo ilizikataa, nimezirudisha kwako. Mtu wa redio ameleta mbili na akaomba risiti. Risiti iko hapa, aje achukue.

“Wenzangu tuliohama pamoja, ninyi mlitoa 14, na ninajua wengine mlikuwa mnachotea maji kwazo. Hilo sitafanyia mchezo. Aksanti.

“Sasa sheria za nyumba. Bia ni yako, chupa ni yetu. Mwenye kutoka na chupa anaacha pesa yake. Deni hakuna, kwa sababu depo hainipi mimi deni. Ukikopa chupa tatu, kesho kazie yangu moja inabaki nyumbani. Mtoto hanunui, hata akitumwa na baba. Mwenye bunduki, bunduki haina kiti hapa. Na saa tatu ninafunga, nyuma ya ukuta huu kuna watoto wanalala. Basi, muzee, beba ile unayoiangalia.”

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Wakati wa ile sehemu ya maji nyumba ilinyamaza. Nilimwona mama mmoja mhami akijipangusa uso kwa kitenge.

Juu ya kaunta kulikuwa na chupa mbili za Primus zenye maua ya plastiki. Nilimwuliza kwa nini hakuzipeleka depo. Akasema ndizo alizotilia watoto maji kwenye mtumbwi. “Hizo haziko kwenye hesabu,” akaniambia, akaendelea kufuta meza.

Saa tatu alifunga kweli. Tukabaki wanne kuhesabu. Katika baa ndogo, usiku wa kwanza hauhesabiwi kwa pesa peke yake. Unajumlisha zilizojaa na zilizo tupu, na jumla lazima irudi ile ile. Zilizobaki zimejaa: 19. Tupu: 40. Jumla 59. Tukatafuta chini ya mabenchi na taa ya simu, tukahesabu tena. 59. Mama alinyamaza. Chupa moja ikikosekana, kazie moja haitatimia, na lazima ailipie.

Tulipotoka ndipo tulipomwona muzee. Alikuwa ameketi ukutani nje, amelala, na chupa tupu ameikumbatia kama mtoto. Mama aliitoa mikononi mwake polepole asimwamshe, akaiweka kwenye kazie, halafu akaagiza vijana wa pikipiki wamfikishe nyumbani.

Kesho yake saa mbili nilipita pale. Kazie tatu zilizouzwa zilikuwa zimeshapelekwa depo na kurudi zimejaa. Daftari lilikuwa kwenye kaunta, na pembeni ya majina aliandika neno moja tu: *Bado*. Faida ikitosha kununua chupa zake mwenyewe, atamrudishia kila mtu za kwake. Wa kwanza kwenye orodha ni familia zile za chupa 14.

Risiti yangu ninayo. Kutoka Kalemie, ni mwandishi wenu.