Nauli ya Mama Ilikuwa Mikononi mwa Nani?

Jioni moja ya Oktoba mwaka wa 2020, kaka yangu alinipigia simu kutoka Minnesota. Baada ya salamu akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Dada, una hakika zile pesa ulizifikisha?"

Ndugu msomaji, nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Pesa alizozisema zilikuwa shilingi 128,000, nauli ya mama yetu ya kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kaka alikuwa ametuma 80,000. Mama, ambaye anaishi Birongo na kuuza majani chai na ndizi zake kama akina mama wengi wa huko, alitoa 48,000 alizoweka akiba kutoka kwa bonasi ya chai. Mimi ndimi niliyezibeba hadi mjini Kisii mwezi wa Februari na kumlipa ajenti wa tikiti za ndege. Nikapewa risiti na karatasi ya tikiti, nikampelekea mama, naye akaifungia sandukuni pamoja na hati yake ya shamba.

Mama alikuwa asafiri katikati ya Aprili. Machi 25, Kenya ikasimamisha ndege zote za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na shirika letu likafuta safari hiyo. Nilipompigia ajenti alinijibu kwa upole, "Pesa ziko kwa shirika la ndege, dada. Tungojeeni." Tukangoja. Nilipolipigia shirika nikaambiwa, "Tikiti ilinunuliwa kwa ajenti, rudi kwa ajenti." Hivyo ndivyo tulivyochezeshwa miezi sita, tukirushwa huku na huku kama mpira wa matambara. Mama hakulalamika. Ajenti yule ni kijana wa watu tunaowafahamu, na mama aliona haya kumdai. Lakini kaka, aliye mbali, alikuwa ameanza kunihesabu mimi miongoni mwa washukiwa.

Siku ya pili yake nilipanda matatu hadi Birongo, nikamwomba mama ile karatasi ya tikiti. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Juu kulikuwa na nambari ya tikiti yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza ni za shirika la ndege lenyewe. Chini kulikuwa na neno CASH mahali pa njia ya malipo, na jina la kampuni iliyotoa tikiti pamoja na nambari yake ya IATA, kile chama cha mashirika ya ndege duniani. Jina hilo halikuwa la ajenti wetu wa Kisii! Lilikuwa la kampuni moja ya Nairobi ambayo sisi hatukuwahi kuisikia.

Nilikwenda na karatasi hiyo hadi ofisi ya shirika jijini Nairobi. Safari hii sikuuliza pesa zetu ziko wapi. Nilimwomba yule dada wa dirishani aniangalizie hali ya tikiti kwenye kompyuta yake. Alibofya nambari akasema, "Imeandikwa REFUNDED. Ilirejeshwa Agosti 21." Nikamuuliza ni kwa nani. Akanisomea nambari ya ajenti, nami nikailinganisha na ile iliyo kwenye karatasi. Ilikuwa ya kampuni ya Nairobi.

Alinieleza kwa nini hawawezi kutulipa sisi. Tikiti ikilipwa kwa kadi ya benki na shirika lenyewe likaitoza kadi, pesa hurudi kwenye kadi ile ile. Ikiandikwa CASH, shirika linamjua ajenti peke yake. Ajenti aliyesajiliwa na IATA huuza tikiti za mashirika mengi, kisha hulipa jumla moja kupitia mpango wa hesabu uitwao BSP, nao ndio unaogawia kila shirika haki yake. Marejesho nayo hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume: ajenti huyaombea, shirika huyakubali, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye bili inayofuata ya ajenti. Kwa kawaida hakuna bahasha wala hundi yenye jina la mama. Ni tarakimu tu kwenye daftari.

"Kama ingeandikwa OPEN," aliongeza, "ningekwambia pesa bado ziko kwetu, ukamuulize ajenti alipeleka ombi tarehe gani." Akanionya kwamba tikiti iliyoachwa OPEN muda mrefu ni ya kuhofiwa, kwa kuwa mashirika mengi huweka ukomo wa kuomba marejesho, na ajenti asiyeomba mapema aweza kumpotezea abiria haki yake.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa kampuni ya Nairobi. Mhasibu wao alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alisema mteja wake ni ajenti wa Kisii wala si mama yangu, kwa hivyo hawezi kunilipa hata senti. Nilimwomba basi anichapishie mstari mmoja tu wa hesabu, ule wa tikiti yetu. Alisita, akatafakari, akauchapisha. Shilingi 125,000 ziliingizwa kwenye akaunti ya ajenti wetu Septemba 9, na siku hiyo hiyo zikakatwa kulipia deni la tikiti nyingine alizokuwa amechukua.

Tangu Septemba, basi, mdeni wetu alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa Kisii.

Ni lazima niseme haki. Alipotuambia mwezi wa Aprili kwamba pesa ziko kwa shirika, hakudanganya. Wakati ule mashirika mengi yaliwafungia maajenti njia ya haraka ya kurejesha nauli kwenye mitambo yao, kila ombi likawa linapitiwa mmoja mmoja. Serikali ya Amerika nayo ilitoa ilani Aprili 3, 2020 kwamba mashirika, hata ya kigeni, sharti yarejeshe nauli ya safari za kwenda au kutoka kwake walizofuta wenyewe, lakini sharti ni jambo moja na foleni ni jambo jingine. Jibu lake lilikuwa la kweli kwa miezi minne, kisha yeye akaendelea kulitoa baada ya ukweli kwisha.

Nilimkuta ofisini pamoja na mama, aliyesisitiza kuja. Nilimwekea karatasi mbili mezani: tarehe ya shirika na tarehe ya mhasibu. Alizitazama kwa muda mrefu. Hatimaye hakunitazama mimi, alimtazama mama.

"Mama, nilidhani biashara itarudi nilipe kabla hamjajua. Sikuzila. Zililipa deni."

"Lilikuwa deni la nani, mwanangu?" mama akamuuliza.

Hakujibu. Tuliandikiana makubaliano, sahihi tatu, alipe kwa mafungu matatu. La mwisho lilifika Machi 2021. Zile 3,000 zilizobaki zilikuwa ada yake ya kazi, tena ziliandikwa kando kwenye risiti, na sikuona sababu ya kuzigombania.

Kila fungu lilipoingia nilimtumia kaka picha ya ujumbe wa simu. Mama alisafiri Mei 2022. Safari hiyo kaka alinunua tikiti yeye mwenyewe kwa kadi yake, moja kwa moja kutoka kwa shirika. Hakuniomba msamaha kwa maneno, lakini mama aliporudi alikuwa na jozi ya viatu vyangu begini. Vilinipwaya kidogo, ila navivaa.