625 Si Amoksilini Yenye Misuli

Hosteli kwetu namba 625 ina heshima yake. Mtu akiumwa koo, akiumwa jino, akisikia moto wakati wa kukojoa, ushauri wa korido nzima ni uleule: "Achana na amoksilini ya kawaida, chukua 625, ile ina nguvu." Mimi nasoma famasia mwaka wa tatu, kwa hiyo mlango wangu unagongwa sana, hasa wiki ambayo bumu limetoka. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike. 625 si amoksilini iliyoongezwa nguvu. Ndani yake mna amoksilini ileile, miligramu 500, ikiwa na mlinzi wa miligramu 125 anayeitwa asidi ya klavulani. Mlinzi huyo ana aina moja tu ya adui. Adui akiwa hayupo, umelipa mshahara wa bure.

Tuanze na kazi ya amoksilini yenyewe. Bakteria ana presha kubwa ndani yake, na kinachomzuia asipasuke ni ukuta. Ukuta huo umefumwa kama wavu: kuna nyuzi ndefu za sukari, na kila uzi una mikia mifupi ya asidi amino inayoning'inia. Mkia mpya huishia na alanini mbili. Kimeng'enya mfumaji kinakuja, kinaushika mkia kwa kijikono chake kiitwacho serini, kinaitupa alanini ya mwisho, kisha kinaufunga mkia kwenye mkia wa uzi wa jirani. Mshono mmoja umekamilika, kinahamia mwingine.

Amoksilini, kama ndugu zake wote wa ukoo wa penisilini, ina pete ndogo ya pembe nne inayoitwa beta-laktamu. Pete hiyo imebanwa sana, kama upinde uliovutwa, na umbo la dawa linafanana na zile alanini mbili za mwisho. Mfumaji anadanganyika. Anaishika kwa serini yake akidhani ni mkia, pete inafyatuka, na dawa inamganda mkononi. Mkia wa kawaida huachiwa mara moja, ila hii inaweza kukaa kwa masaa. Huku nyuma bakteria anaendelea kukata ukuta wa zamani ili apate nafasi ya kukua, na hakuna anayeshona. Maji yanaingia, anapasuka. Ndiyo maana dawa hizi huua vizuri bakteria anayekua, na hazimgusi aliyelala bila kujenga ukuta.

Sasa huyo adui. Anaitwa beta-laktamasi, naye pia ni kimeng'enya. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba aina zake nyingi zina asili moja na mfumaji. Zina serini ileile, na zinaishika dawa kwa namna ileile. Tofauti ni hatua moja tu: pembeni ya serini wana molekuli ya maji iliyowekwa tayari. Pete ikishafyatuka, maji yanakata kiungo, dawa inadondoka ikiwa imevunjika, na kimeng'enya kiko huru kushika nyingine. Mfumaji ananaswa na dawa moja kwa masaa, wakati beta-laktamasi maarufu iitwayo TEM-1 inaweza kuvunja molekuli zaidi ya 1000 za penisilini kwa sekunde moja.

Wala usidhani kimeng'enya hiki kilizaliwa kwa sababu ya vidonge vyetu. Abraham na Chain, pale Oksfodi, walikieleza mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa watu wengi. Kilikuwepo. Tulichofanya sisi ni kuua wasio nacho na kuwaachia uwanja wenye nacho. TEM-1 iligunduliwa miaka ya 1960 huko Athens, na herufi TEM zimetoka kwenye jina la mgonjwa. Jeni yake husafiri kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Kwa hiyo usugu huu haurithiwi tu, unagawiwa pia.

Muhula uliopita tuliuona kwa macho maabara. Tulipewa E. koli aliyetoka kwenye mkojo, tukampaka kwenye sahani ya agari, tukaweka vidisiki viwili vya upana wa milimita 6. Kimoja kilikuwa na ampisilini, ambayo maabara hutumia kuwakilisha amoksilini. Cha pili kilikuwa na amoksilini pamoja na klavulani. Asubuhi yake, bakteria walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa kidisiki cha kwanza, bila uwazi wowote. Kidisiki cha pili kilizungukwa na duara safi la milimita 21, na kwa kipimo tulichotumia 18 zinatosha kusema dawa inafaa. Kisha tukadondoshea bakteria haohao nitrosefini, kitendanishi cha njano ambacho pete yake ikivunjwa hugeuka kuwa chekundu. Haikupita dakika moja, pakawa pekundu.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Kwani hiyo klavulani si ndiyo imewaua?" Hapana. Klavulani peke yake haina nguvu ya maana ya kuua. Nayo ina pete ya beta-laktamu, kwa hiyo beta-laktamasi inaikamata kama chakula kingine. Lakini pete yake ikishafyatuka, molekuli inajipanga upya na kugandia kwenye serini namna ambayo maji hayawezi kukata. Nyingi zinavunjwa kabla moja haijanasa, ndiyo sababu inahitajika ya kutosha. Kimeng'enya kikishazibwa, amoksilini inapita na kumfuata mfumaji.

Hapo ndipo tunarudi kwenye koo. Koo nyingi zinazouma ni za virusi, ambavyo havina ukuta wa kushona. Zile za bakteria mara nyingi ni Streptokokasi wa koo, na huyu hajawahi kupatikana akitengeneza beta-laktamasi. Amoksilini ya kawaida inamtosha. Nimokokasi wa mapafu naye akiwa sugu, huwa amebadilisha umbo la mfumaji mwenyewe, hivyo hakuna kimeng'enya cha kuzibwa na mlinzi hana kazi. Na kuna beta-laktamasi kama NDM ambayo badala ya serini hutumia madini ya zinki. Klavulani haina pa kugandia, na duara kwenye sahani halitokei kabisa.

Kuna hesabu moja nyingine ya mtaani. Mtu anakosa 625, anapewa vidonge viwili vya 375 na kuambiwa ni sawa. Kidonge cha 375 kina amoksilini 250 na klavulani 125. Viwili vinakupa amoksilini 500 sawasawa, lakini klavulani inakuwa 250, maradufu. Nguvu ya amoksilini haijaongezeka. Kinachoongezeka ni tumbo kuharisha, maana klavulani inajulikana kwa hilo.

Kwa hiyo ukigonga mlango wangu, sitakuuliza unataka kali au ya kawaida. Nitakuuliza nani anakuumiza, na kama amepimwa. Yule dada wa ghorofa ya pili ambaye mkojo wake uliota E. koli wa namna ya sahani yetu alihitaji mlinzi kweli, na kipimo kilisema hivyo. Jirani yangu mwenye mafua na koo linalowasha, aliyetaka kumalizia bumu lake kwenye 625, nilimwambia achemshe maji, aweke chumvi, asukutue. Alinuna. Siku ya nne koo lilipona, na hela ya daftari ilikuwa bado anayo.